Mrija wa U wenye vimiminika viwili: maswali yanayoulizwa sana kuhusu tofauti ya kimo

Maswali haya yote yanazunguka kitu kimoja. Una mrija wa U, kuna maji ndani, afu unamimina mafuta ya taa upande mmoja, na unaulizwa vimo vya juu vitapishana kwa kiasi gani. Hesabu yenyewe ni fupi sana ila watu wengi wanakwama hapo, na wakikwama huwa sio kwenye kuzidisha na kugawanya, ni kwenye kujua wapigie wapi mstari. Kwahiyo hapa chini tutatumia mfano mmoja karibu mwanzo mpaka mwisho: maji densiti yake 1000 kg/m³, mafuta ya taa tuchukue 800 kg/m³, mrija una upana sawa mikono yote miwili na uko wazi juu pande zote, na safu ya mafuta ina urefu wa sentimita 20.

Kwanza, kwanini vimo havilingani? Si tulifundishwa kimiminika kinatafuta usawa wake?

Ulichofundishwa ni kweli lakini kinahusu kimiminika kimoja. Ukiwa na maji peke yake kwenye mrija, mikono yote miwili italingana, hapo hamna ubishi. Ukiongeza mafuta ya taa mkono wa kulia, yale mafuta yanasukuma maji ya upande wake yashuke, na maji ya kushoto yanapanda, na yataendelea kupanda mpaka safu ya maji iliyozidi upande wa kushoto iweze kukandamiza kwa presha ileile inayokandamizwa na mafuta. Sasa mafuta ni mepesi, kwahiyo inahitajika safu ndefu ya mafuta kulingana na safu fupi ya maji. Ndo maana kilicho chepesi kila siku kinasimama juu zaidi. Ukimaliza hesabu yako ukakuta maji yako juu kuliko mafuta ya taa, usiendelee, rudi uangalie ulipogeuza namba.

Mstari wa kulinganisha presha naupiga wapi?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote yanatoka hapa.

Angalia mkono wa kulia, kuna sehemu mafuta yanapoishia chini na maji yanapoanzia. Pale kwenye mpaka piga mstari wa mlalo ulionyooka mpaka ukate mkono wa kushoto. Kuanzia mstari huo kushuka chini, ukazunguka kona, ukapanda upande wa pili, unakutana na maji tu, hakuna kimiminika kingine katikati. Na kanuni inasema hivi: ndani ya kimiminika kimoja kilichotulia, ambacho kimeungana bila kukatika, sehemu zote zilizo kwenye usawa mmoja zina presha moja. Kama zisingekuwa na presha moja maji yangesogea kutoka kwenye presha kubwa kwenda kwenye ndogo, na sisi tumeshasema yametulia.

Kwahiyo kwenye mstari huo tu ndo unaandika:

P ya kushoto = P ya kulia

Kushoto juu ya mstari kuna maji yenye kimo h₁, na juu ya maji kuna hewa. Kulia juu ya mstari kuna mafuta yenye kimo h₂, na juu yake kuna hewa ileile. Ukiandika yote:

P₀ + ρ₁gh₁ = P₀ + ρ₂gh₂

P₀ ni presha ya hewa, iko pande zote inaondoka. ρ ni densiti ya kila kimiminika, na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, nayo iko pande zote inaondoka. Kinachobaki ni:

ρ₁h₁ = ρ₂h₂

Na h zote mbili zinapimwa kutoka kwenye ule mstari wa mpaka kwenda juu. Sio kutoka chini ya kona, sio kutoka mezani, ni kutoka kwenye mpaka.

Haya tufanye hesabu ya mfano wetu mpaka mwisho

Mafuta h₂ = 20 cm, densiti 800. Maji densiti 1000, h₁ hatujui.

1000 × h₁ = 800 × 20

h₁ = 16 cm

Maji ya kushoto yanasimama sentimita 16 juu ya usawa wa mpaka, mafuta ya kulia yanasimama sentimita 20 juu ya usawa huohuo. Tofauti ya vimo vya juu ni 20 − 16 = 4 cm. Hilo ndo jibu.

Umeona hatujageuza sentimita kuwa mita, na hapa ni sawa kabisa kwa sababu urefu uko pande zote mbili za mlinganyo kwahiyo kipimo chochote kinafaa ilimradi kiwe kimoja. Lakini siku ukiulizwa presha yenyewe ni paskali ngapi lazima ugeuze: 800 × 9.8 × 0.20 inakupa 1568, na 1000 × 9.8 × 0.16 inakupa 1568 vilevile. Ni njia nzuri ya kuhakiki, zikipishana ujue kuna mahali umepotea.

Kama unataka tofauti moja kwa moja bila kupitia h₁ unaweza kuiandika hivi: tofauti = h₂ × (1 − ρ₂/ρ₁). Kwa mfano wetu ni 20 × (1 − 0.8) = 4. Mimi binafsi sishauri mtu aikariri hii, maana ukibadilishiwa swali kidogo tu, mfano wakaongeza kimiminika cha tatu, fomula hii inakufa, wakati ule mstari wa mpaka bado unafanya kazi.

Kwanini nisipige mstari juu zaidi? Katikati ya mafuta kwa mfano, si bado ni usawa mmoja?

Ni usawa mmoja ndio, ila hauko kwenye kimiminika kimoja kilichoungana. Tujaribu kwa namba uone mwenyewe. Chukua mstari ulio sentimita 10 juu ya mpaka. Upande wa mafuta, juu ya mstari huo zimebaki sentimita 10 za mafuta, presha yake ni 800 × 9.8 × 0.10 = 784 paskali juu ya presha ya hewa. Upande wa maji, juu ya mstari huohuo zimebaki sentimita 6 tu za maji, presha yake 1000 × 9.8 × 0.06 = 588 paskali. Hazilingani, zimepishana karibu paskali 200, na hakuna kinachomwagika wala kusogea. Ni kwa sababu ukitaka kusafiri kutoka sehemu moja kwenda nyingine ukiwa ndani ya kimiminika lazima ushuke kwenye mafuta, uvuke mpaka, uingie kwenye maji, uzunguke kona, afu upande kwenye maji. Unaposhuka sentimita 10 ndani ya mafuta presha inaongezeka 784, unapopanda sentimita 10 ndani ya maji inapungua 980. Zile 196 zilizopotea ndo tofauti yenyewe.

Na chini ya mpaka je? Huko unaruhusiwa kupiga mstari popote, utapata jibu lilelile, manake unaongeza urefu uleule wa maji pande zote na unaondoka wenyewe. Mpaka ni mahali pa juu kabisa panaporuhusiwa, na ndo panapokupa kazi ndogo kuliko kwingine.

Naweza kufikiria kwamba uzito wa mafuta unalingana na uzito wa maji?

Hapana, tafadhali usifikirie hivyo, hata kama kwenye mrija wenye upana sawa jibu linatoka vizuri. Linatoka vizuri kwa bahati tu, eneo likiwa sawa pande zote presha na uzito vinatembea pamoja. Hii tabia ya kuuona mrija kama mizani ndo inawaangusha watu mikono ikibadilika upana.

Tuchukue mrija ambao mkono wa mafuta una eneo la mkato 2 cm² na mkono wa maji una 6 cm². Mimina 40 cm³ za mafuta ya taa kwenye mkono mwembamba. Urefu wa mafuta ni 40 ÷ 2 = 20 cm, yaani kama mwanzo. Kwahiyo h₁ ni 16 cm, kama mwanzo, na tofauti ni 4 cm, kama mwanzo. Eneo halimo kabisa kwenye ρ₁h₁ = ρ₂h₂.

Sasa pima vitu. Mafuta yote ni 40 cm³ × 0.8 = gramu 32. Maji yaliyo juu ya mstari upande wa pili ni 16 × 6 = 96 cm³, yaani gramu 96. Gramu 32 zimesimama zikilingana na gramu 96, na mrija umetulia tuli. Hakuna muujiza hapo, kinachosawazishwa ni presha, yaani nguvu kwa kila sentimita ya mraba: 32 ÷ 2 ni gramu 16 juu ya kila cm², na 96 ÷ 6 ni gramu 16 juu ya kila cm². Sehemu ya uzito iliyobaki inabebwa na kuta za mrija pale unapobadilika upana. Ukielewa hili swali lako la upana wa mikono limeisha.

Kwahiyo upana wa mikono hauna kazi yoyote?

Una kazi, lakini sio kwenye kulinganisha presha. Unaingia sehemu mbili.

Ya kwanza ni pale unapopewa ujazo wa mafuta badala ya urefu. Zilezile 40 cm³ ukizimimina mkono mpana wa 6 cm², urefu wake unakuwa karibu 6.67 cm tu, maji yanasimama 5.33 cm juu ya mpaka, na tofauti inashuka mpaka karibu 1.33 cm. Mafuta yaleyale, mrija uleule, jibu tofauti, kwa sababu safu imekuwa fupi. Kwahiyo swali likisema mililita, hatua ya kwanza ni kugawanya kwa eneo la mkono unaomiminiwa, usilisahau hilo.

Ya pili ni pale unapoulizwa maji yamepanda kiasi gani kutoka yalipokuwa mwanzo. Hili nalo linaulizwa sana, tulijibu peke yake.

Maji yamepanda kiasi gani kutoka pale yalipokuwa kabla ya kumimina mafuta?

Watu wengi wakifika h₁ = 16 wanaandika maji yamepanda sentimita 16. Sio kweli. Sentimita 16 ni umbali kutoka mpaka mpya mpaka juu ya maji, na huo mpaka wenyewe umeshuka, haujakaa pale maji yalipokuwa.

Kwenye mrija wenye upana sawa, maji yaliyoondoka kulia ndo yaleyale yaliyoenda kushoto. Yakishuka x upande mmoja yanapanda x upande mwingine, kwahiyo umbali kati ya mpaka na juu ya maji ni 2x. 2x = 16, x = 8. Maji yamepanda sentimita 8 kushoto, mpaka umeshuka sentimita 8 kulia chini ya alama ya mwanzo. Juu ya mafuta pako 20 − 8 = 12 cm juu ya alama ya mwanzo. Hakiki: 12 − 8 = 4, ileile tofauti yetu.

Kwa mrija wa 2 cm² na 6 cm² (mafuta mkono mwembamba) ujazo ndo unahifadhiwa: kila sentimita maji yanayopanda kwenye mkono mpana inahitaji sentimita tatu kushuka kwenye mwembamba. Kushuka na kupanda kwa pamoja ni 16, kwahiyo yamepanda 4 na kushuka 12. Juu ya mafuta pako 20 − 12 = 8 juu ya alama, maji yako 4 juu ya alama, tofauti 4 tena. Tofauti ya vimo haijabadilika, kilichobadilika ni mahali mfumo mzima uliposimama.

Je nikiendelea tu kumimina mafuta?

Kuna kikomo, na fomula yenyewe haitakuonya. Mpaka unashuka kila unapoongeza mafuta, na siku moja utafika kwenye kona. Tuseme mwanzoni maji yalisimama sentimita 10 juu ya kona kila mkono, upana sawa. Mpaka unaweza kushuka sentimita 10 hizo tu, yaani h₁ kubwa kabisa ni 20 cm na mafuta marefu kabisa ni 25 cm. Ukizidisha hapo mafuta yanaanza kuzunguka kona, na kwa vile ni mepesi yanapanda kama matone upande wa maji na kukaa juu yake. Hapo ule mlinganyo wa kwanza haukuhusu tena, una mafuta pande zote. Swali likikupa h₂ ya sentimita 30 kwenye mrija kama huu, jibu sahihi ni kwamba hali hiyo haiwezekani, na inafaa uiandike hivyo badala ya kutoa namba nzuri isiyokuwepo.

Kama kuna mafuta pande zote mbili nafanyaje?

Njia haibadiliki. Tuseme kuna maji chini, kulia kuna mafuta ya taa 20 cm, kushoto kuna mafuta ya kula 10 cm yenye densiti 920. Una mipaka miwili sasa, chagua ule ulio chini zaidi. Utaujuaje? Angalia upande gani unakandamiza zaidi: 800 × 20 = 16000, na 920 × 10 = 9200, kwahiyo mafuta ya taa yanashinda na mpaka wake ndo uko chini. Piga mstari hapo. Kushoto juu ya mstari kuna maji ya kimo h halafu mafuta ya kula:

800 × 20 = 1000 × h + 920 × 10

16000 − 9200 = 6800, h = 6.8 cm. Juu kabisa kushoto ni 6.8 + 10 = 16.8 cm kutoka kwenye mstari, kulia ni 20 cm, tofauti 3.2 cm. Ukichagua mpaka wa juu kimakosa utajikuta unalinganisha maji na mafuta ya taa kwenye usawa mmoja, jambo ambalo tumeshaliona halifai.

Nimefunga mkono mmoja kwa kidole, kuna kinachobadilika?

Kinabadilika kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Ile P₀ iliondoka kwa sababu ilikuwa sawa pande zote. Ukiziba mkono wa maji, hewa iliyonaswa mle inabanwa maji yanapojaribu kupanda, na hewa ikibanwa kidogo tu presha yake inaongezeka sana ukilinganisha na vijisafu vyetu vya sentimita ishirini. Tuseme juu ya maji kulikuwa na hewa ya urefu wa sentimita 30. Ikibanwa sentimita 1 tu, presha inaongezeka kiasi cha safu ya maji ya karibu sentimita 35. Kwahiyo zile sentimita 20 za mafuta ambazo zingepandisha maji sentimita 8 mrija ukiwa wazi, sasa hazipandishi hata nusu sentimita. Ukiona maji hayasogei inavyotakiwa, kabla ya kulaumu densiti angalia kama kuna kizibo, au tone la maji limeziba mdomo wa mrija mwembamba, au mpira wa kuunganishia umejikunja.

Na kiputo cha hewa kilichonaswa katikati ya safu nacho kinaharibu, kwa sababu unapima kimo kana kwamba chote ni kimiminika na kumbe kipande ni hewa ambayo karibu haina uzito. Gonga mrija taratibu kitoke, au mwaga uanze tena.

Nataka kutumia hii kupata densiti ya mafuta. Nikipima nini kinaharibu vipimo?

Fomula ni ileile imegeuzwa: ρ₂ = ρ₁ × h₁ ÷ h₂. Ukipata 16 na 20 densiti ni 800. Vitu vya kuangalia ni hivi.

Urefu wa safu. Kwa macho na rula ya kawaida kukosea milimita moja ni rahisi sana. Milimita moja kwenye sentimita 20 ni nusu asilimia, unaweza kuishi nayo. Milimita hiyohiyo kwenye safu ya sentimita 2 ni asilimia 5, na hapo huwezi hata kutofautisha mafuta ya kula na mafuta mengine mazito kidogo. Safu ndefu ndo dawa, ilimradi usifike kwenye kona.

Mrija kuinama. Hii inawapata wengi na hawaijui. Mrija ukiinamia upande mmoja, alama za rula zilizo sawa kwenye mikono miwili hazipo tena kwenye usawa mmoja. Mikono ikiwa imeachana sentimita 6 na mrija umeinama digrii 5 tu, usawa unapishana karibu nusu sentimita, na kwenye tofauti ya sentimita 4 hilo ni kosa kubwa mno. Njia ya kugundua ni kuangalia kabla ya kumimina mafuta: maji peke yake lazima yasome namba moja mikono yote miwili. Yasiposoma hivyo nyoosha kwanza, usiongeze chochote.

Mrija mwembamba kupita kiasi. Maji yanashikamana na kioo na kujivuta yenyewe kupanda, na kwenye mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1 huweza kupanda karibu sentimita 3 bila msaada wa mafuta. Mafuta ya taa hayajivuti kiasi hicho, kwahiyo kosa halijifuti. Tumia mrija wa kipenyo cha sentimita moja hivi, na usome uso wa kimiminika pale katikati ulipobonyea, jicho likiwa kwenye usawa huo.

Mafuta yaliyobaki kwenye kuta, pamoja na haraka ya kusoma. Ukimimina kwa nguvu mafuta yanachanganyika na maji kama matone, mpaka unakuwa na povu na hujui usome wapi. Mimina taratibu yateleze kwenye ukuta wa mrija, maji yakiacha kupanda na kushuka ndo usome.

Ukienda mwezini tofauti itakuwa ileile?

Ndio, kama una njia ya kuzuia vimiminika visichemke na kuyeyukia hewani huko, yaani uwe ndani ya chumba chenye hewa. g ni ndogo lakini imeondoka pande zote, kwahiyo 16 na 20 zinabaki. Presha kwenye mpaka ndo itapungua.

Je nikiweka maji na spiriti?

Haifanyi kazi, kwa sababu vinachanganyika na mpaka unapotea, na ukipotea mpaka huna pa kupiga mstari. Utabaki na mchanganyiko ambao densiti yake inabadilika kadiri unavyoshuka. Zebaki ikiwekwa chini kutenganisha inaweza kusaidia, ila mvuke wake ni sumu na tofauti zake ni ndogo mno kusomeka: maji 20 cm upande mmoja na mafuta ya taa 20 cm upande mwingine zinafanya vimo vya zebaki vipishane milimita 3 tu, kwa vile densiti ya zebaki ni 13600.

Kwa vimiminika vinavyochanganyika kuna kifaa cha Hare. Ni mirija miwili iliyosimama, kila mmoja umechovya kwenye chombo chake, juu imeunganishwa, na unavuta hewa kidogo pale juu kisha unabana. Vimiminika vinapanda bila kugusana kabisa. Presha ya hewa iliyobaki juu ni moja kwa vyote, presha ya nje ni moja kwa vyote, kwahiyo unafika palepale, ρ₁h₁ = ρ₂h₂, isipokuwa safari hii kila kimo kinapimwa kutoka kwenye uso wa kimiminika ndani ya chombo chake. Nyuso za vyombo viwili hazilazimiki kuwa kwenye usawa mmoja, na zikishuka wakati unavuta, anza kupima kutoka pale zilipo sasa hivi.